Mshale Uliogeuka

Kabla ya kuandika tarakimu yoyote ubaoni, mwalimu wa mazoezi aliwaonyesha wanafunzi wake kipande cha mpira. Kilikuwa kipande cha tyubu ya tairi la lori. Alikipasua kwa wembe, akakisugua kwa sabuni mpaka kikaacha kunuka, kisha akakichorea mishale kumi na miwili ya chaki, yote ikianzia katikati na kuelekea nje kama namba za saa. Wanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi, sitini na wanne ndani ya chumba cha watu arobaini, walijisogeza mbele wakiegemeana mabegani.

Walimwita Chaki, kwa sababu ikifika saa sita mchana hapakuwa na sehemu yake isiyo na alama nyeupe, hata nyusi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita mwenye sauti ndogo, na darasa lilimpenda kwa kuwa hakuwahi kumcheka mtu.

"Wawili washike hizi pembe mbili," alisema. "Mvute. Taratibu! Nyie wengine msiangalie mpira, angalieni mishale."

Walivuta. Mpira ukarefuka kwa mshazari, na mishale mingi ikainama kuelekea upande wa mvuto, kama watu wanaogeuza shingo kumtazama anayepita. Minne tu haikuinama. Miwili, mmoja kila upande wa kati, ililala sawasawa na mvuto, nayo ilirefuka mara moja na nusu. Miwili mingine ilikatiza mvuto huo, nayo ikafupika kidogo. Mishale hiyo ilibaki kwenye mistari yake ileile, na darasa likanyamaza namna ambayo darasa la watu sitini na wanne hunyamaza mara moja kwa muhula.

"Matriksi, lile jedwali la namba, ndiyo mikono inayovuta," Chaki alisema. "Inaivuta nafasi nzima. Mishale mingi inayumba. Ile isiyoyumba ndiyo vekta eigeni, na ule urefu uliozidi au uliopungua, mara ngapi, ndiyo thamani eigeni. Basi. Yale mahesabu marefu ya kitabuni yanatafuta kitu hiki mlichokiona kwa macho."

"Thamani za kigeni!" mmoja aliropoka nyuma. "Kama fedha za kigeni. Unasikia zipo, hujawahi kuzishika."

Walicheka, na Chaki akacheka nao. Kisha akagawa karatasi ya mazoezi, ya kufanyia nyumbani. Ilikuwa na maswali matano, na juu yake, kwa herufi nene, sentensi iliyokuwa pia kwenye jalada la kijitabu cha somo: *Tafuta mshale usiogeuka.*

Sentensi hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya Dokta, mwenye somo, aliyeitunga miaka ishirini na miwili nyuma na kuipenda kama watu wanavyopenda kifungua mimba. Chaki mwenyewe alisomeshwa kwa sentensi hiyo. Kila mwanafunzi aliyemuuliza Dokta swali kuhusu karatasi yake alijibiwa maneno mawili tu: "Fuata karatasi."

Wiki moja baadaye Chaki alikuwa ofisini, chumba alichokigawana na makabati ya faili, akimaliza kusahihisha. Karatasi ya sitini na moja ilikuwa ya Jenereta.

Huyu alikuwa na miaka thelathini na sita. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu kabla ya kurudi chuoni alitengeneza majenereta miaka kumi na miwili, na ukikaa karibu naye ulisikia harufu ya dizeli ambayo sabuni ilikuwa imeshakata tamaa nayo. Kurudi, ndiyo. Aliwahi kuwa mwanafunzi hapohapo zamani, akaanguka mwaka wa pili, akatolewa. Safari hii kanuni ilikuwa ileile: ukianguka mazoezi mawili, huruhusiwi kukaa kwenye mtihani, na asiyekaa kwenye mtihani wakati tayari aliwahi kutolewa, anatolewa kabisa. Zoezi la kwanza Jenereta alianguka, wiki aliyokuwa na homa. Hili lilikuwa la pili. Kufaulu kulitaka alama kumi na mbili kati ya ishirini.

Chaki alijumlisha. Swali la kwanza, matriksi inayovuta mara tatu kwa upana na mara mbili kwa kimo: tatu kati ya nne. La pili, yenye 2 na 1 juu, 1 na 2 chini: mbili, kwani mkono wake wa hesabu ulikuwa mzito na alikosea kutoa. La nne liliuliza mshale gani haugeuki nafasi inapozungushwa robo duara, na alijibu kwa sentensi moja, "Hakuna hata mmoja, yote inazunguka pamoja": nne kamili. La tano, matriksi inayosukuma pembeni mishale iliyosimama na kuiacha iliyolala, hakuligusa: sifuri. Zikawa tisa. Likabaki la tatu.

Swali la tatu lilikuwa na matriksi ya 1 na 3 juu, 3 na 1 chini. Jenereta alikuwa ameichora kwa penseli, mchoro safi kuliko yote aliyoisahihisha Chaki wiki ile. Mshale wa hatua moja kulia, moja juu, ulikwenda mpaka nne kulia, nne juu. *Haukugeuka. Umerefuka mara nne.* Sahihi, alama mbili. Kisha mshale wa hatua moja kulia, moja chini. Alichora ulipokwenda: mbili kushoto, mbili juu. Na chini yake aliandika kwa mwandiko wa mtu anayebonyeza kalamu sana: *Hesabu inatoa −2. Lakini mshale huu umegeuka, sasa unatazama ulikotoka. Karatasi inataka usiogeuka. Kwa hiyo haumo.*

Chaki aliguna. Thamani zilikuwa nne na hasi mbili, kila mtu anajua. Aliweka sifuri kwa sehemu hiyo, akaandika juu kwa wino mwekundu: 11.

Baadaye mlango uligongwa. Alikuwa Jenereta mwenyewe, kofia mkononi, macho yake moja kwa moja kwenye rundo la karatasi.

"Shikamoo sikupi, mwalimu, nitakuzeesha," alisema akijaribu kutabasamu. "Nimekuja kuuliza tu. Nimepata?"

"Kaka, matokeo yanapelekwa kwa Dokta kesho saa sita."

"Nimepata?"

Chaki hakujua kudanganya. Alimgeuzia karatasi aione. Jenereta aliipita ile kumi na moja, akashuka kwa kidole mpaka kwenye mchoro.

"Swali la tatu," alisema. "Huu mshale, mwalimu. Haujageuka?"

"Una thamani hasi mbili, kaka. Hasi inaruhusiwa."

"Hilo naliona. Nimeliandika hapo. Nauliza kitu kingine. Haujageuka?"

Chaki alishusha macho. Ile karatasi ilikuwa mezani, na herufi zake nene, na mchoro wa penseli uliokuwa umetazama kushoto badala ya kulia. "Nitaangalia tena," alisema, na hata yeye alisikia jinsi jibu lile lilivyokuwa jepesi.

"Haya, mwalimu. Asante." Jenereta alifunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Chaki alirudi nyumbani alasiri na karatasi zote ndani ya mfuko wa nailoni, kwani mvua ilikuwa imeanza. Mama yake alikuwa mshonaji, na sebule yao ilikuwa ya cherehani kwanza, ya watu baadaye. Siku hizo alikuwa na kazi ya foronya mia mbili za nyumba ya wageni, na ilibidi uzivuke ili ufike kwenye kochi. Chaki alizivuka, akaketi, akaifungua karatasi ya Jenereta magotini. Mvua ilipiga bati kwa mpigo mmoja usiokoma, cherehani ikaitikia, na kichwa chake kikashuka polepole mpaka shavu likalala juu ya wino mwekundu.

Aliota amesimama uwandani, na kutoka miguuni pake mishale myeupe ilichomoza pande zote, maelfu, mpaka mwisho wa macho. Alijua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni bila kuambiwa, kwamba yeye ni sifuri, mahali pekee ambapo hakuna matriksi inayoweza kupahamisha. Kisha mvuto ukaja. Haukuwa na sauti. Nafasi yote ilianza kunyooka na kuinama kwa pamoja, na mishale ikampita masikioni ikigeuza nyuso, laini kama majani, mpaka akahisi kizunguzungu cha raha. Mmoja ulikwenda zake mbele, ukirefuka, ukirefuka mara nne, bila kutazama pembeni. Akautazama mpaka ukawa uzi.

Ndipo akauona ule mwingine. Ulikuwa upande wa chini kulia, mfupi, nao haukuyumba kama wenzake. Ulianza kujikunja ndani ya urefu wake, ukafupika, ukamkaribia, ukawa nukta kifuani pake. Alihisi ubaridi mdogo ukipita katikati ya mbavu. Kisha ukatokea mgongoni, juu kushoto, ukarefuka maradufu, ukitazama upande mwingine wa dunia. Aligeuka kuufuata. Chini, ardhini, kulikuwa na mstari mmoja tu mrefu wa chaki, uliotoka kule na kuja huku kupitia miguu yake, na mshale ulikuwa bado umelala juu ya mstari huo. Alitaka kulia na hakujua kwa nini.

"We mtoto! Unanilalia mali za watu."

Mama yake alikuwa amesimama juu yake na rundo la foronya kifuani. Alimwangalia, akapasuka kicheko. "Na hiyo namba shavuni ni bei yako?"

Chaki alijifuta. Kumi na moja ilikuwa imejichapa kwenye shavu lake la kushoto.

"Kama umeamka, nisaidie. Hizi nimeshamaliza kushona, zigeuze nizipige pasi."

Chaki, nusu yake bado uwandani, alichukua foronya ya kwanza juu ya meza, mdomo wake ukitazama dirishani, akaizungusha mpaka mdomo ukatazama mlangoni. Akachukua ya pili, akaizungusha hivyohivyo. Ya tatu. Mama yake alimtazama akiwa ameshika kiuno.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Nageuza."

"Unazungusha! Nimesema geuza, nje iingie ndani. Elimu yote hiyo, foronya inakushinda?" Alimpokonya moja, akaingiza mkono, akashika pembe kwa ndani, akavuta, na foronya ikatoka upande wa pili, uso wake mzuri juu. "Hivi. Mshono uko palepale. Kilichogeuka ni uso."

Chaki alibaki ameshika foronya. "Mama, rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema."

"Nimesema mshono uko palepale, na wewe uko hapohapo, na kazi haiendi."

Lakini binti yake alikuwa ameshaketi sakafuni katikati ya foronya na karatasi, na uso wake umebadilika. Neno moja, na kazi mbili. Kugeuka ni kuyumba na kuacha njia. Kugeuka pia ni kutazama nyuma, na unaweza kutazama nyuma bila kuiacha njia hata kidogo. Dokta alimaanisha la kwanza. Jenereta alisoma la pili, na kwa Kiswahili cha mama yake, cha mtaani, cha kila mtu, Jenereta alikuwa sahihi. Ule mpira wake wa tyubu nao ulimficha ukweli, kwa sababu mpira hauwezi kupita katikati yake na kutokea upande wa pili, ungekatika.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi, nalo lilimfikia polepole. Yeye mwenyewe, alipokuwa mwaka wa pili, swali hilohilo alilipata lote. Aliandika nne na hasi mbili akapewa vema mbili, na hakuwahi kuutazama mshale. Alifuata fomula kama anayefuata bomba gizani. Jenereta aliyekosa alikuwa ameuona. Chaki aliona aibu, aibu ya kweli, ya kupasha masikio moto, na akageuza foronya zote mia mbili.

Kabla ya kulala alipitia karatasi zote upya. Wanafunzi kumi na tisa walikuwa wameandika nne peke yake na kuacha. Alikuwa amewahesabu kuwa wavivu.

Asubuhi alisimama mbele ya meza ya Dokta saa tatu kamili. Dokta alikuwa mzee mrefu wa sweta, mwenye kikombe cha chai ambacho hakuna aliyewahi kukiona kimejaa wala kimekwisha. Mkataba wa Chaki wa muhula ujao ulikuwa kwenye trei yake, haujatiwa saini, na wote wawili walijua.

"Kuna tatizo kwenye karatasi," alisema Chaki.

"Fuata karatasi."

"Tatizo ni la karatasi yenyewe, Dokta. Ni neno."

Alimweleza. Dokta alisikiliza akitazama nje, mgongo kwake, amesimama dirishani kama kawaida yake. "Miaka ishirini na miwili," alisema kwenye kioo. "Neno hilo limefundisha wahandisi elfu moja. Mwanafunzi anayejua hesabu hawezi kupotezwa na neno."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na Chaki aliliwaza hilo, na ulimi ukaenda hivyohivyo.

"Dokta, naomba ugeuke."

Mzee aligeuka mzima, nyusi juu, kikombe mkononi. Hakuwa amezoea kuombwa hivyo na mtu yeyote.

"Umegeuka?" Chaki aliuliza.

"Nimegeuka, ndiyo. Kisha?"

"Tafadhali tazama miguu yako."

Sakafu ya ofisi ile ilikuwa ya vigae, na kati ya safu mbili za vigae mstari mweusi ulitoka dirishani ukaenda moja kwa moja mlangoni. Dokta alikuwa amesimama juu yake alipotazama nje. Alikuwa juu yake bado. Alitazama mstari, akatazama dirisha nyuma yake, akatazama mlango mbele yake.

"Nimegeuka," alisema tena, kwa sauti nyingine. "Na sijauacha mstari."

"Ndiyo, Dokta. Hasi."

Alikuja mezani, akaketi kwa uzito, akavuta kijitabu, akafungua kalamu. Alilikata lile neno la jaladani kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika *usiopinda*, akalikata. Akaandika *usiouacha mstari wake*, akalitazama, akaliacha.

"Wangapi?" aliuliza.

"Kumi na tisa. Mmoja wao anaanguka kwa hilo, nikimpa alama zake anapata kumi na tatu."

"Wape wote. Yeye mpe alama na umpe mkono." Hakuinua macho. "Lakini sikuuliza wa mwaka huu peke yao."

Mzee aliinama kwenye kabati la chini, akivuta madaftari ya matokeo ya zamani, moja baada ya jingine, akiyapanga sakafuni kwa miaka. Chaki alipotoka, alimwacha amepiga magoti kati ya madaftari hayo, sweta lake likikusanya vumbi.

Chaki alimkuta Jenereta karakana, ameketi juu ya kasha la vifaa na mfuko wake wa safari umeshafungwa. Hakuuliza. Chaki alimpa karatasi. Ile kumi na moja ilikuwa imekatwa, na kando yake kulikuwa na kumi na tatu, na kando ya kumi na tatu kulikuwa na saini mbili.

"Neno lilikuwa kosa letu," alisema. "Dokta amelikata mwenyewe. Sasa linasomeka: usiouacha mstari wake."

Jenereta alilirudia kimya, midomo ikitembea. Alichora mstari hewani kwa kidole, akaupeleka huku, akaurudisha kule. "Usiouacha mstari wake," alisema. "Basi huu umo. Hasi mbili. Umo kabisa." Alicheka kidogo, kisha uso ukamkunjika na akaufunika kwa kofia. Mabega yake yalitikisika. Chaki aliketi kwenye kasha la jirani, akangoja, naye machozi yakamtoka bila kuyazuia.

"Mwalimu," Jenereta alisema ndani ya kofia, "mara ile ya kwanza nilitolewa kwa swali hilihili. Nilipata kumi na moja vilevile. Nilikwenda kwa Dokta nikamuuliza kama haujageuka, akaniambia fuata karatasi."

"Swali hili?"

"Matriksi hii. Namba hizihizi."

Chaki alimtazama. Miaka kumi na miwili ya dizeli. "Kaka, sasa ulijua jibu wanalolitaka. Kwa nini hukuandika hasi mbili ukanyamaza?"

Jenereta alishusha kofia. Alifikiria swali hilo kwa uaminifu, kama fundi anayesikiliza mashine kabla ya kuifungua.

"Nilitaka," alisema. "Nilikaa nalo usiku mzima. Nikasema labda zamani nilikuwa mtoto, sikuona vizuri. Nikauchora tena mshale, polepole, nikautazama." Akatikisa kichwa. "Ulikuwa umegeuka."